Taa Isiyokuwepo: Kuiwasha Upya Picha ya Chupa Iliyopigwa kwa Simu

Picha nyingi za mvinyo wa Dodoma zinazozunguka kwenye magrupu ya biashara zimepigwa mchana kweupe, uani, juu ya meza ya plastiki iliyotandikwa kitenge. Ukikuza mojawapo utaona mambo ambayo mpigaji hakuyaona alipokuwa anabonyeza simu. Kwenye kioo cha chupa kuna bati la jirani, kuna anga, na katikati kabisa kuna mtu mweusi mwembamba aliyeinua mikono: ndiye mpigaji mwenyewe. Lebo imewaka upande mmoja mpaka maandishi yamepauka, upande wa pili imezama kwenye kivuli. Sehemu ya chini ya chupa nayo ina wekundu usio wa mvinyo. Umetoka kwenye udongo wa uani, ambao jua likiupiga hurudisha mwanga wenye rangi yake juu ya kila kilicho karibu.

Mwenye bidhaa akifungua programu ya kuhariri picha, kitu cha kwanza anachoshika ni kitelezi cha mwangaza. Anakivuta kulia. Lebo inapanda, bati la jirani linapanda, na yule mtu mweusi anakuwa wa kijivu. Picha imepata mwanga zaidi bila kuisogelea studio hata hatua moja, kwa sababu kitelezi kinagusa kila pikseli bila kujua mwanga wa pikseli ile umetoka wapi. Na hapo ndipo penye kazi yote: kujua mwanga gani ulifika kwenye chupa kwa njia gani, kisha kuuondoa ule wa zamani na kuweka mpya kwa njia ile ile.

Nitashika chupa moja tu, maana chupa ya mvinyo mwekundu ina kila aina ya ugumu. Ni ya mililita 750, kioo cha kijani kizito kinachokaribia weusi, lebo ya karatasi isiyong'aa yenye rangi ya krimu. Ilipigwa picha Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, saa saba mchana, kando ya ukuta, jua likitokea juu upande wa kushoto. Mama mwenye mvinyo aliponitumia alitoa sharti: "Mwanangu, ifanye ipendeze, ila rangi ya lebo yangu usinibadilishie, wateja wataniuliza." Sharti hilo ni la haki, na litatuongoza mbele kidogo.

Mwanga unaozama na mwanga unaodunda

Lebo na kioo vimekaa kwenye chupa moja, chini ya jua moja, lakini vinaushughulikia mwanga kwa namna mbili tofauti kabisa.

Mwanga ukigonga karatasi isiyong'aa huzama kidogo, hutawanyika ndani ya nyuzi zake, kisha hutoka pande zote ukiwa umebeba rangi ya karatasi. Ndiyo maana lebo ina rangi ile ile ukiitazama kutoka kushoto au kulia. Kinachoonekana kwenye picha ni rangi ya lebo ikizidishwa kwa kiasi cha mwanga uliofika pale. Karatasi nyeupe iliyopata nusu ya mwanga inaonekana ya kijivu, na wino mwekundu uliopata nusu ya mwanga unaonekana wa maruni. Hesabu ni ya kuzidisha, kwa hiyo ukiujua mwanga wa zamani unaweza kugawanya kwa mwanga huo na kubaki na rangi yenyewe.

Kioo cha kijani kizito chenye mvinyo mwekundu ndani hakirudishi karibu chochote kutoka ndani yake. Unachokiona juu yake ni mazingira yaliyodunda, na mwanga huo uliodunda unajumlishwa juu ya weusi wa chupa. Kugawanya hakusaidii kitu hapa. Taswira ya bati la jirani itaondoka kwa kufutwa, na taswira ya taa ya studio italazimika kuchorwa.

Watu wengi hukwama kwenye tofauti hii. Wanachukua mbinu iliyofanya kazi vizuri kwenye lebo wanaipeleka kwenye kioo, kisha wanashangaa kwa nini chupa imekuwa kama ya plastiki.

Kabla ya kugusa chochote

Omba faili la asili. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa, na kubanwa huko huacha vijisanduku ambavyo havionekani mpaka uanze kuyainua maeneo ya giza. Mwambie akutumie kama hati, yaani `Document`, badala ya picha.

Kisha pima. Ninatumia GIMP hapa kwa kuwa ni ya bure na ina leya, ingawa mengi nitakayoyaeleza yanawezekana kwenye Photopea pia. Chukua kifaa cha `Color Picker`, washa `Sample average` ili kisome wastani wa pikseli kadhaa, halafu bonyeza sehemu ya lebo inayowaka kuliko zote. Ukisoma 255, 255, 255 na hakuna maandishi yanayoonekana, basi hapo hakuna taarifa iliyobaki. Hakuna hesabu itakayoyarudisha maandishi yale, maana kamera haikuyaandika. Chupa yetu ilikuwa na bahati: upande wa kushoto wa karatasi ulisoma karibu 200, wa kulia karibu 90.

Namba hizo mbili zinadanganya macho. Mtu atasema 200 ni mara mbili na kidogo ya 90, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Lakini namba za faili la picha hazipandi sawasawa na mwanga. Zimepangwa kwa mkunjo ili maeneo ya giza yapate ngazi nyingi zaidi. Ukizirudisha kwenye mwanga halisi, 200 ni kama asilimia 58 ya mwanga wote na 90 ni kama asilimia 10. Upande wa kushoto ulipata mwanga karibu mara tano na nusu ya ule wa kulia. Ina maana upande wa kulia ukitaka kulingana na wa kushoto lazima uinuliwe mara tano na nusu, pamoja na chengachenga zote za kamera ya simu zilizojificha pale gizani.

Kutokana na kipimo hicho unapata uamuzi wa kwanza mkubwa: taa mpya itoke upande ule ule wa jua la zamani. Ukiiweka taa kulia utalazimika kuutegemea upande wenye chenga nyingi uwe ndio wa kung'aa. Ukiiweka kushoto, upande wa kulia utarudi kwenye kivuli laini na chenga zitalala humo humo.

Kuisafisha lebo

Tunahitaji ramani ya mwanga wa zamani juu ya lebo. Njia inayofundishwa sana ni kunakili lebo na kuitia ukungu mzito wa `Gaussian Blur`, ukitumaini kwamba maandishi yatapotea na mwanga utabaki. Kwa lebo yenye mchoro mkubwa wa kichala cha zabibu njia hiyo inaharibu, kwa sababu ukungu unauhesabu mchoro wa zambarau kama kivuli. Ukigawanya, mchoro unapauka na kuzungukwa na duara jeupe.

Ni afadhali kutafuta sehemu ambazo ni karatasi tupu, kati ya mistari ya maandishi na kwenye kingo, na kusoma rangi zake. Kwa chupa hii zilitosha sehemu tano juu na tano chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Safu ya chini ilionyesha jambo la kupendeza. Pembe ya chini kulia ilisoma 118, 96, 78: nyekundu imezidi, bluu imepungua. Huo ni udongo wa Hombolo ukijitokeza kwenye lebo.

Tengeneza leya mpya, paka rangi hizo hizo mahali ulipozisoma, unganisha kwa mpito laini, kisha badilisha hali ya leya iwe `Divide`. GIMP itagawanya kila mkondo wa rangi peke yake, kwa hiyo pale nyekundu ilipozidi itapandishwa kidogo tu na bluu iliyopungua itapandishwa zaidi. Kivuli na wekundu wa udongo vinaondoka kwa pigo moja. Lebo inabaki bapa kabisa, kama karatasi iliyowekwa kwenye skana.

Lakini sasa karatasi imekuwa nyeupe pee, na lebo ya mama ni ya krimu. Sharti limevunjwa. Sababu ni kwamba tulichosoma kwenye sehemu tupu kilikuwa mwanga pamoja na rangi ya karatasi, vyote vimechanganyika, na kugawanya kumeviondoa vyote. Picha yenyewe haiwezi kukuambia kipi ni kipi. Jibu linatoka nje ya picha: mwombe aweke lebo moja isiyobandikwa kando ya karatasi nyeupe ya A4, kivulini, apige picha ya haraka. Karatasi ya A4 ikisoma 240, 240, 240 na lebo ikasoma 240, 232, 212, umepata krimu yenyewe. Krimu ni lebo ukigawanya kwa karatasi nyeupe, kwa hiyo bluu yake ni 212 juu ya 240. Inua namba zote tatu kwa uwiano huo hadi ya kwanza ifike 255, upate takriban 255, 247, 225, paka leya nzima ya lebo kwa rangi hiyo na uiweke katika hali ya `Multiply`. Krimu inarudi, na wino wote unakaa mahali pake.

Chengachenga za upande wa kulia zitaonekana sasa. Tumia `Noise Reduction` kidogo, upande wa kulia tu kwa maski, na usimamishe kabla kingo za herufi hazijaanza kuyeyuka.

Taa mpya na sheria ya nusu pembe

Sasa tunaamua taa ikae wapi, na uamuzi lazima uwe wa pembe halisi. "Kutokea kushoto" hakutoshi. Niliiweka taa kubwa yenye kitambaa cheupe, ile ambayo wapiga picha huiita softiboksi, nyuzi 60 kushoto mwa kamera. Kulia nikaweka ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Vyote viwili vipo kwenye karatasi yangu tu, lakini vina mahali pa kukaa, na mahali hapo panatoa majibu.

Kwa lebo, jibu ni kwamba karatasi inawaka zaidi pale inapoitazama taa moja kwa moja. Chupa ni mviringo, kwa hiyo sehemu inayoitazama taa iko nyuzi 60 kutoka mbele. Ukiitazama kutoka kwenye kamera, sehemu hiyo iko karibu sana na ukingo wa kushoto: asilimia 87 ya njia kutoka katikati. Kutoka hapo mwanga unapungua kadiri karatasi inavyogeuka. Katikati ya lebo, palipogeuka nyuzi 60 kutoka kwenye taa, panapata nusu ya mwanga. Upande wa kulia taa haifiki kabisa, kunabaki ule wa ubao mweupe, ambao nilikadiria kuwa sehemu moja ya tano.

Nikarudisha viwango hivyo kwenye namba za faili, ambako nusu ya mwanga ni kama 188 wala si 128, nikatengeneza leya ya mpito wa kijivu: ukingo wa kushoto kabisa 239, mahali pa kilele 255, katikati 188, kulia 125. Hali yake ni `Multiply`. Lebo iliyokuwa bapa inapinda papo hapo na kuikumbatia chupa. Picha itakuwa nzito kidogo, kwa hiyo tumia `Curves` kuinua katikati hadi karibu 220, huku ukizuia kilele kisivuke 245, la sivyo krimu itapotea tena pale.

Kwa kioo, jibu ni tofauti, na hapa ndipo picha nyingi za kuhariri hujulikana mara moja. Mng'ao kwenye kioo hauonekani pale kioo kinapoitazama taa. Unaonekana pale kioo kinapotazama katikati ya taa na kamera, kwa sababu mwanga unaodunda hutoka kwa pembe ile ile ulioingilia. Taa ikiwa nyuzi 60, mng'ao utakuwa kwenye nyuzi 30. Ukiupima kutoka mbele, uko nusu kamili ya njia kati ya katikati ya chupa na ukingo wake.

Tazama maana yake. Kilele cha mwanga wa lebo kiko asilimia 87 kuelekea ukingoni, na mstari wa mng'ao wa kioo uko asilimia 50. Havilingani, wala havitakiwi kulingana. Mtu asiyejua huchora mstari mweupe mrefu, kisha anaifanya lebo ing'ae kwenye mstari huo huo ili "viendane". Mtazamaji hatakuambia kosa liko wapi, ila atasema picha ina kitu.

Sheria hii ya nusu pembe inaeleza pia kwa nini mpigaji picha hukutwa katikati ya chupa kila mara. Yeye yuko nyuzi sifuri, na nusu ya sifuri ni sifuri. Uani kote, kuanzia ubavu wako wa kushoto hadi wa kulia, hubanwa kwenye sehemu ya kati ya chupa, asilimia 70 hivi kila upande. Kingo zilizobaki zinaonyesha vitu vilivyo nyuma ya chupa.

Kufuta uani, kuchora taa

Kufuta taswira za zamani ni rahisi kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kioo kizito hakina mengi ya kuhifadhi. Kwanza kata chupa kwa kifaa cha `Paths`. Chora nusu moja tu kwa uangalifu, igeuze kama kwenye kioo, upate nusu ya pili. Chupa ya kiwandani ina ulinganifu, na jicho la mtazamaji linaujua ulinganifu huo vizuri kuliko mkono wako.

Kisha paka mwili wa kioo kwa rangi iliyosomwa mahali penye giza lisilo na taswira. Kwangu ilikuwa 20, 26, 18. Usipake bapa. Acha kijani kiongezeke kidogo kuelekea mabegani na kwenye kitako, ambako kioo ni kinene na mwanga hupenya kidogo. Kama chupa ina maandishi yaliyochongwa kwenye kioo karibu na kitako, yazunguke kwa `Heal` badala ya kuyafunika, kwa sababu hayo ni sehemu ya bidhaa.

Mng'ao wa taa ni umbo, na umbo lake ni la taa yenyewe: mstatili mrefu uliobanwa na mviringo wa chupa. Kwenye mwili wa chupa niliuchora ukiwa na upana wa kama sehemu moja ya nane ya chupa. Unapofika begani unapinda kuifuata chupa na kuwa mwembamba, kisha unaendelea shingoni kama uzi. Ukiuchora ukaenda moja kwa moja bila kupinda begani, chupa yote inageuka kuwa kipande cha bapa. Ukingo wake unaotazama katikati ya chupa uwe mkali kidogo, ule unaotazama nje uyeyuke taratibu, kama inavyotokea taa inapowekewa kitambaa kinachofifia upande mmoja.

Unakatika kwenye lebo. Karatasi isiyong'aa haina mng'ao wa umbo, kwa hiyo mstari unaishia juu ya lebo na kuanza tena chini yake. Mimi huutumia mkato huu kama kipimo cha haraka ninapotazama kazi za wengine: mstari ukipita juu ya lebo bila kubadilika, mtu amechora bila kufikiri kitu kimetengenezwa na nini.

Hali ya leya ya mng'ao ni `Addition`, maana mwanga uliodunda unajumlishwa. Hapa inafaa kujua kwamba kuzidisha hakusumbuliwi sana na ule mkunjo wa namba tulioutaja, ila kujumlisha kunasumbuliwa. GIMP ya sasa hufanya jumla hiyo kwa mwanga halisi. Kwenye programu isiyofanya hivyo, `Screen` hutoa matokeo yanayopendeza zaidi. Usiupeleke mng'ao hadi 255. Kioo kikitazamwa mbele hurudisha asilimia 4 tu ya mwanga, na mng'ao wa 190 hadi 210 unaonekana wa kweli zaidi kuliko mweupe wa chokaa.

Lakini kioo kile kile, mwanga ukikiparuza kwa pembe ya kulala, hurudisha mwingi sana: kwenye nyuzi 80 ni karibu asilimia 40, na unazidi kupanda. Kwa hiyo kingo za chupa huakisi sana kilicho nyuma yake. Kwenye picha ya Hombolo kingo zilikuwa na nyuzi mbili nyembamba zenye rangi ya ukuta. Ukihamishia chupa kwenye mandhari ya kijivu cheupe ukaziacha nyuzi hizo, chupa itaonekana imebandikwa, hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Nilipunguza ukataji kwa pikseli mbili kuelekea ndani, nikachora nyuzi mpya za pikseli mbili tatu zenye rangi ya mandhari mapya, ya kulia ikiwa nzito kidogo kwa sababu ya ule ubao mweupe.

Chupa isimame

Kivuli cha chini ni viwili. Cha kwanza ni mstari mwembamba mweusi pale kitako kinapogusana na meza. Hauna ukungu karibu hata kidogo, na bila huo chupa inaelea. Cha pili ni kile kinacholala kulia, mbali na taa, na ukungu wake unaongezeka kadiri unavyosogea.

Kiasi cha ukungu kinahesabika. Zidisha upana wa taa kwa umbali wa kutoka kitu kinachozuia mwanga hadi kivuli kinapoangukia, kisha gawanya kwa umbali wa taa. Taa yangu ya kufikirika ina upana wa sentimita 60 na iko mita 1 kutoka kwenye chupa. Sentimita 10 nyuma ya chupa, ukingo wa kivuli unayeyuka kwa upana wa sentimita 6. Chupa yenyewe ina kipenyo cha sentimita 7 na nusu hivi, kwa hiyo nina rula ndani ya picha: ukungu pale unakaribia upana wa chupa. Nilichora kivuli kizima, nikatia ukungu wa viwango vitatu kwa maski, `Multiply`, na `Opacity` ya chini ya nusu.

Mandhari yenyewe ni mpito wa kijivu, mweupe zaidi nyuma ya bega la kushoto. Mpito mrefu kama huo kwenye picha ya biti 8 huonyesha ngazi, mistari kama ya ramani. Badilisha picha iwe biti 16 kabla ya kuanza, na mwishoni, kabla ya kuhifadhi JPEG, ongeza chenga kidogo sana kwenye mandhari peke yake. Chenga hizo huvunja ngazi, na jicho halizioni.

Sasa geuza picha yote kushoto kulia na uipunguze hadi ukubwa wa kidole gumba. Ukiigeuza, jicho linaacha kuizoea na linaona makosa upya. Ukiipunguza, unaona kama lebo, mng'ao na kivuli vinaelekeza kwenye taa moja. Vikigombana, rudi kwenye pembe, usirudi kwenye rangi.

Pale isipowezekana

Jambo moja halibadiliki kwa mwanga wowote: urefu wa kamera. Picha nyingi za simu hupigwa kutoka juu, mtu akiwa amesimama na chupa ikiwa mezani. Kitako huonekana kimepinda na mabega yamekuwa makubwa. Unaweza kuiwasha vizuri sana na bado ikaonekana ya uani, maana studioni kamera hukaa usawa wa lebo. Kupinda kidogo kunavumilika. Kukiwa kwingi, mwambie mwenye bidhaa apige tena akiwa amechuchumaa, na kazi itapungua nusu.

Kivuli kikali cha jua kilichokatiza lebo, labda cha tawi au cha ukingo wa bati, ni kibaya zaidi. Ramani ya mwanga inataka mpito laini, na ukingo mkali huacha mstari hata baada ya kugawanya. Hombolo au mjini, mwanzoni mwa Machi na ndani ya Oktoba jua la saa sita hukaa karibu juu kabisa ya utosi, na vivuli vya namna hiyo huanguka wima juu ya kila lebo iliyo nje.

Na kuna mvinyo mweupe. Kila nilichoeleza kuhusu kioo kilitegemea uzito wa chupa na wa mvinyo uliomo. Chupa ya wazi yenye mvinyo mweupe ni lenzi: uani uko ndani yake, umepinduliwa kushoto kulia, umechanganyika na rangi ya mvinyo pikseli kwa pikseli, na pembeni mwa lebo unaona mgongo wa lebo ya pili. Huwezi kufuta kilicho nyuma bila kufuta mvinyo wenyewe. Mama aliponiletea ya pili, ya mvinyo mweupe, nilimwomba aipige upya: chupa mlangoni, ndani ya kivuli, karatasi nyeupe imesimama nyuma yake ikipata mwanga wa nje, vipande viwili vya karatasi nyeusi kushoto na kulia ili kingo za kioo zipate mstari wa giza, simu usawa wa lebo, na yeye mwenyewe asimame mita mbili nyuma akivuta kwa `2x`.